Maziwa, mtindi na dawa za tetrasaiklini na kwinoloni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ni yale ambayo wateja hutuuliza dirishani kila wiki, na mengine ni yale ambayo hawayaulizi mpaka dawa iwe imeshashindwa kufanya kazi. Majibu yanahusu vidonge na kapsuli za kumeza peke yake, kwa sababu sindano haipiti tumboni na maziwa hayakutani nayo huko.

Kwa nini nikiandikiwa sipro au doksi ninaambiwa nisimeze na maziwa, wakati dawa nyingine sikatazwi?

Watu wengi hunywa maziwa na dawa kwa nia njema kabisa. Tumekua tukisikia kwamba maziwa hupunguza makali: mtu akinywa sumu hukimbiziwa maziwa, na mtu akimeza kidonge kikali hushauriwa asindikize na kikombe cha maziwa ili tumbo lisichubuke. Kwa makundi haya mawili ya antibiotiki, yaani tetrasaiklini kama doksi na kwinoloni kama sipro, imani hiyo ina ukweli ndani yake, na hapo ndipo penye tatizo. Maziwa hupunguza makali kweli, lakini makali yanayopungua ni yale yale uliyoyanunua ili yaue bakteria.

Dawa nyingine nyingi hazina shida hiyo. Amoksilini, metronidazo na kotrimoksazo hazishikwi na maziwa kwa namna hii, na ndiyo maana mtu aliyewahi kumeza amoksilini na maziwa akapona huona ajabu anapokatazwa kufanya hivyo na siprofloksasini. Hakukosea wakati ule, bali safari hii dawa ni nyingine.

Ni kitu gani hasa kinachotokea tumboni?

Maziwa yana kalsiamu nyingi. Katika glasi moja ya mililita 250 mna takribani miligramu 300 za madini hayo. Molekuli ya tetrasaiklini, na vilevile ya kwinoloni, ina sehemu zenye atomu za oksijeni zilizokaa karibu karibu kama meno ya koleo. Kalsiamu iliyoyeyuka ikipita hapo hubanwa, na kile kinachopatikana ni mchanganyiko mpya usiopenya vizuri kwenye ukuta wa utumbo.

Dawa ya kumeza haifanyi kazi yake ikiwa bado imo ndani ya utumbo, isipokuwa pale ugonjwa wenyewe unapokuwa humo humo. Ni lazima ipenye, iingie kwenye damu, kisha isafirishwe hadi kwenye figo, mapafu au mfupa ulioshambuliwa. Sehemu iliyobanwa na kalsiamu haifiki huko, inateremka na chakula na kutoka na choo. Haikudhuru kwa sumu yoyote, na hutaona dalili: hutatapika, rangi ya mkojo haitabadilika, wala tumbo halitauma. Ukimya huo ndio unaofanya kosa hili lirudiwe asubuhi na jioni hadi vidonge viishe.

Je, dawa zote za makundi haya huathirika sawasawa?

Hapana, na tofauti ni kubwa kiasi cha kubadilisha ushauri. Katika kundi la kwanza, tetrasaiklini yenyewe, ile kapsuli ya zamani inayomezwa mara nne kwa siku, ndiyo inayoumia zaidi: ikimezwa na maziwa, nusu yake au zaidi inaweza isiingie kwenye damu. Doksisaiklini ni ndugu yake wa karibu lakini haishikwi kwa nguvu ile ile, na kinachopotea ni kama moja ya tano.

Katika kwinoloni, norfloksasini hupoteza takribani nusu. Siprofloksasini, ambayo ndiyo inayoandikwa sana kwetu, hupoteza kama theluthi moja. Ofloksasini na moksifloksasini huguswa kidogo sana na maziwa, na levofloksasini nayo haipotezi kama siprofloksasini, ingawa wagonjwa wanaoitumia kwa muda mrefu, kama wale wenye kifua kikuu sugu, bado hushauriwa kuitenganisha na maziwa, kwa sababu tiba ya miezi mingi haifai kuachiwa pengo lolote linaloweza kuzibwa kwa saa mbili za kusubiri.

Majibu yanayofuata yanaiangalia zaidi siprofloksasini, kwa kuwa ndiyo inayotuletea maswali mengi.

Mtindi si umeshachacha? Nilidhani kuchacha kunavunja hayo madini.

Swali hili linaulizwa na watu makini, nao hupata jibu wasilolitarajia. Kuchacha hubadilisha sukari ya maziwa kuwa asidi, lakini kalsiamu ni madini na bakteria wa mtindi hawawezi kuivunja. Iliyokuwemo kwenye maziwa imo pia kwenye mtindi, kwenye maziwa lala ya Kenya, kwenye yogati ya kikopo na kwenye yogati ya kunywa yenye ladha ya stroberi. Tena ile asidi huifanya kalsiamu iachane na protini na kuyeyuka, na kalsiamu iliyoyeyuka ndiyo inayokamatana na dawa kwa wepesi.

Mwaka 1991 watafiti wa Finland walichapisha jaribio dogo lililofanywa kwa watu wenye afya njema. Kila mmoja alimeza miligramu 500 za siprofloksasini kwa maji, siku nyingine kwa maziwa, na siku nyingine tena kwa yogati. Maziwa na yogati zote zilipunguza dawa iliyoingia kwenye damu kwa takribani theluthi moja, na kile kilele cha dawa kwenye damu kilishuka zaidi kwa yogati kuliko kwa maziwa, karibu na nusu. Kwa hiyo mtu aliyeacha maziwa akahamia mtindi hajaepuka kitu.

Kuchemsha hakusaidii, na kuondoa malai hakusaidii, kwa kuwa kalsiamu haikai kwenye mafuta. Maziwa ya mbuzi na ya ngamia yana hali hiyo hiyo. Tui la nazi ni habari nyingine: lina kalsiamu kidogo mno, na wali wa nazi haumo katika mazungumzo haya. Maziwa ya soya ya pakiti yahitaji kusomwa, maana viwanda vingi huyaongezea kalsiamu kwa makusudi.

Theluthi moja ni kitu cha kuhofia kweli? Wapo waliokunywa na maziwa wakapona.

Wapo, na si vyema kuwaambia kuwa wanaota. Iwapo bakteria wako wanakufa kwa kiasi kidogo cha dawa, theluthi mbili zilizobaki zinatosha na zinabaki. Maambukizi mepesi ya kibofu ni mfano mzuri, kwa sababu siprofloksasini hujikusanya kwenye mkojo kwa wingi kuliko ilivyo kwenye damu, na hata ikipungua bado humo huwa nyingi.

Mambo hubadilika pale bakteria wanapokuwa wameanza kuizoea dawa bila kuishinda kabisa. Hivi sasa wapo bakteria wa homa ya matumbo wa namna hiyo, ambao kuwaua kunahitaji dawa nyingi kwenye damu kuliko zamani. Kwinoloni huua vizuri kadiri kilele chake kinavyopanda juu ya kile kiwango kinachowazuia bakteria kukua. Ukishusha kilele kwa karibu nusu, bakteria waliokuwa wanakufa kwa shida sasa wanapona, na wanaopona ni wale wagumu zaidi. Wewe huwezi kujua uko upande gani kwa kujisikia tu, na hata daktari hajui mpaka bakteria waoteshwe maabara.

Mnaweza kutoa mfano wa jinsi jambo hili linavyojitokeza?

Mwanaume mmoja wa makamo, dereva wa bajaji, aliandikiwa siprofloksasini miligramu 500 asubuhi na jioni kwa siku 7 kwa ajili ya maambukizi ya figo. Vidonge vilikuwa 14. Kituo kilichomtibu kilikuwa kimeotesha mkojo wake, na majibu yalionyesha bakteria wanaosikia dawa hiyo. Kwa maneno mengine, dawa ilichaguliwa vizuri.

Siku ya nne alirudi dirishani akiwa bado na homa, na kiuno upande wa kulia kikimuuma akigeuka. Alitaka dawa kali zaidi. Mwenzangu akamuuliza swali ambalo tumejifunza kuliuliza kabla ya yote: "Kaka, unameza na nini?" Akajibu bila wasiwasi, "Na mtindi, dada. Pakiti ya nusu lita, nusu asubuhi na nusu jioni. Ile dawa inanichoma tumbo nikiimeza na maji matupu."

Tulikaa naye tukahesabu. Robo lita ya mtindi kila mara ina kalsiamu sawa na ile ya glasi ya maziwa. Tukichukua kwamba theluthi moja ilikuwa inapotea, kila kidonge cha 500 kilikuwa kinamfanyia kazi kama cha miligramu 330 hivi, na vile vidonge 6 alivyokwisha kumeza vilikuwa na uzito wa 4. Angemaliza dozi yote kwa mwendo huo, angekuwa amelipia 14 na kutumia kama 9, huku kila kimoja kikija kwa udhaifu.

Hatukumuuzia dawa kali zaidi. Homa ya figo inayoendelea baada ya siku mbili au tatu za dawa si jambo la kumalizwa dirishani, kwa hiyo tulimwandikia karatasi fupi yenye jina la dawa, saa alizomeza na maneno "alikuwa anameza na mtindi", akarudi nayo kwa daktari siku hiyo hiyo. Daktari alimpima upya, akaona hakuna jipu wala mawe, akamwanzishia tena siku 7 za dawa ile ile kwa maji. Homa ilishuka siku ya pili. Siwezi kuapa kwamba mtindi peke yake ndio uliokuwa kikwazo, kwani mtu mmoja hathibitishi, lakini kilichobadilika ni kile alichomezea tu.

Nikae muda gani kati ya dawa na maziwa?

Meza siprofloksasini angalau saa 2 kabla ya maziwa, au kaa saa 6 baada ya maziwa ndipo umeze. Watu hushangaa kwa nini muda haulingani. Ukitanguliza dawa, hupenya upesi, na baada ya saa 2 sehemu kubwa imeshaingia kwenye damu. Ukitanguliza maziwa, kalsiamu hukaa ikiteremka taratibu kwenye utumbo pamoja na chakula, na dawa inayofuata huikuta bado ipo.

Kwa mtu anayemeza mara mbili kwa siku, ratiba hii haimnyimi maziwa hata kidogo. Ameze saa 12 alfajiri kwa glasi kubwa ya maji. Kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 6 mchana anywe mtindi wake akitaka. Kuanzia hapo aache hadi kidonge cha saa 12 jioni. Saa 2 usiku anaweza kunywa maziwa tena kabla ya kulala, kwa kuwa hadi alfajiri zitakuwa zimepita saa 10. Dereva wetu alikuwa anakunywa kiasi kile kile cha mtindi katika wiki ya pili, ila kwa saa tofauti.

Tetrasaiklini ya mara nne kwa siku ni ngumu zaidi kupangia, kwa sababu inataka pia tumbo tupu: saa moja kabla ya kula au saa mbili baada ya kula. Mtu anayekunywa maziwa kila mlo ni bora amwambie daktari mapema, kwani mara nyingi doksisaiklini inaweza kushika nafasi yake.

Na chai ya maziwa je? Sisi hatunywi chai ya rangi.

Inategemea kiasi cha maziwa yaliyomo. Chai iliyotiwa kijiko kimoja au viwili vya maziwa ina kalsiamu kidogo, na sitampigia mtu kelele kwa ajili yake, ingawa kidonge chenyewe amezee maji. Chai inayopikwa nusu maji nusu maziwa, kama inavyopendwa Kenya na sehemu nyingi za bara, ni jambo jingine: kikombe cha mililita 250 kina maziwa ya mililita 125, yaani kalsiamu ya miligramu 150 hivi, na wengi hawaishii kikombe kimoja. Hiyo ihesabiwe kuwa ni maziwa.

Maelezo ya watengenezaji wa siprofloksasini yanaruhusu jambo moja linalowachanganya watu: dawa isimezwe na maziwa au yogati peke yake, lakini inaweza kumezwa pamoja na mlo kamili ambao ndani yake mna vitu vya maziwa kidogo. Kwa hiyo mkate uliopakwa siagi, au mchuzi uliotiwa kijiko cha mtindi, si sababu ya kuahirisha dozi.

Dawa inanichoma tumbo. Nisipomeza na maziwa, nimeze na nini?

Hili ndilo linalostahili jibu refu zaidi, kwa kuwa ndilo linalowarudisha watu kwenye maziwa. Siprofloksasini na doksisaiklini zote zinaweza kumezwa baada ya kula. Kula kwanza uji usio na maziwa, ndizi za kupika, mihogo, ugali au mkate, kisha meza kwa glasi nzima ya maji. Chakula huchelewesha dawa kidogo bila kuifungia njia kama kalsiamu inavyofanya.

Kwa doksisaiklini, kuungua kunakosemwa mara nyingi hakutoki tumboni bali kwenye umio, ile njia ya chakula iliyo nyuma ya kifua. Kapsuli ikimezwa kwa funda moja la maji, na mtu akalala papo hapo, hunata ukutani, huyeyuka hapo na kuchoma mpaka kutoa kidonda. Mgonjwa husema kila anapomeza mate kama kuna kitu kimekwama kifuani. Kinga yake ni glasi iliyojaa maji na kukaa wima nusu saa au zaidi, na si sahihi kuimeza ukiwa umeshapanda kitandani. Nimeona watu wakirekebisha hilo tu na hamu ya maziwa ikaisha yenyewe.

Doksisaiklini ikikutia kichefuchefu hata baada ya chakula, maelezo yake yanaruhusu kuimeza na maziwa, kwa sababu hasara yake ni ndogo na kidonge kilichotapikwa hasara yake ni yote. Ruhusa hiyo isihamishiwe kwenye tetrasaiklini wala siprofloksasini.

Nina brusela niliyoipata kwa maziwa mabichi, nami ni mfugaji. Nitaachaje maziwa wiki 6?

Si lazima uyaache. Tiba ya kawaida ya bruselosisi ni doksisaiklini miligramu 100 mara mbili kwa siku kwa wiki 6, pamoja na dawa ya pili kama rifampisini au sindano. Ugonjwa huu una tabia ya kurudi, na kila upungufu wa dawa unaupa nafasi, ndiyo maana hapa ningekuwa mkali hata kwa ile moja ya tano inayopotea. Rifampisini nayo, bila kuhusiana na maziwa, huifanya doksisaiklini itoke mwilini haraka, kwa hiyo mgonjwa wa namna hii tayari ana upungufu mmoja na hahitaji wa pili.

Tumia ratiba ile ile ya saa 12 na saa 12, unywe maziwa yako kati ya saa 2 asubuhi na saa 6 mchana, na yawe yamechemshwa. Kuchemsha hakuondoi kalsiamu lakini huua bakteria waliokuleta hospitali. Mtindi uliotengenezwa kwa maziwa mabichi hauna usalama huo.

Nimeshameza na maziwa. Nirudie kidonge?

Usirudie, na usijitapishe. Hujui ni kiasi gani kimepotea, na kidonge cha pili kinaweza kukuzidishia. Subiri saa ya dozi inayofuata, umeze kwa maji. Kosa la mara moja katika dozi ya siku 7 haliharibu tiba. Likiwa limerudiwa siku kadhaa na homa au maumivu hayajapungua baada ya siku mbili hadi tatu, rudi kwa aliyekuandikia dawa na umwambie kwa uwazi ulikuwa unameza na nini. Asipojua, atadhani bakteria wameishinda dawa na atakuhamishia kwenye nyingine kali zaidi bila sababu.

Ni vitu gani vingine vinavyofanya kama maziwa?

Vidonge vya kuongeza damu vyenye madini ya chuma, zinki, vidonge vya kalsiamu, na dawa za kiungulia zenye magnesiamu au aluminiamu. Hivi hubana dawa kuliko maziwa, na hata zile kwinoloni ambazo maziwa hayazisumbui sana, kama moksifloksasini, hushikwa navyo. Mtu anayekunywa dawa ya kiungulia "ili sipro isimchome" anajifanyia vibaya kuliko yule wa mtindi. Madini ya chuma yana ubishi wa pekee kwa doksisaiklini: kwa kuwa dawa hiyo hurudi tena kwenye utumbo kupitia nyongo, chuma huikamata hata kama ilishaingia kwenye damu, na kutenganisha saa hakutoshi kabisa. Kama hali ya damu inaruhusu, daktari anaweza kusimamisha vidonge vya chuma mpaka dozi iishe.

Kuna uhusiano wowote na kukatazwa kwa tetrasaiklini kwa watoto?

Upo, na ni kemia ile ile. Tetrasaiklini inayokamata kalsiamu kwenye maziwa hukamata pia kalsiamu kwenye meno yanayoundwa, hubaki humo, na meno huota yakiwa ya manjano au kahawia maisha yote. Ndiyo maana mtoto wa chini ya miaka 8 na mama mjamzito kwa kawaida hawapewi tetrasaiklini, hata ikimezwa kwa maji safi.